Siku moja maishani mwangu: kinyozi na vipele vya wembe

Saa 1 asubuhi

Saluni yangu ya kiume iko Sinza, Dar es Salaam. Jumamosi kazi huanza kabla sijafungua mlango, maana simu inakuwa imeshajaa picha za shingo. Wateja wenye vipele vya ndevu nimewazoesha kujipiga picha mara moja kwa wiki, wakisimama palepale dirishani. Picha ya kwanza mwanga unatokea ubavuni, kwa sababu kivuli ndicho kinachoonesha kipele kimeinuka kiasi gani. Ya pili mwanga unatokea mbele, hiyo ni ya kuangalia rangi ya madoa. Flashi hawawashi, maana inafuta vivuli na shingo yenye vipele inaonekana laini. Filta ya kulainisha uso nayo hapana.

Nazikuza moja moja huku nakunywa chai. Kipele kilichotokana na wembe mara nyingi kina unywele katikati, au mstari mweusi mwembamba uliojikunja chini ya ngozi. Nikiona magamba, mviringo unaopanuka au usaha uliotapakaa, simkaribishi kwenye kiti. Huyo namwambia aanzie kwa daktari, kwa sababu inaweza kuwa fangasi au bakteria na mashine yangu itamsambazia.

Saa 2 na nusu

Naziandaa mashine. Mashine ya kuchonga ndevu ina visu viwili, cha chini kimetulia na cha juu kinacheza. Vinyozi wengi tunavisogeza mpaka vilingane ncha kwa ncha ili inyoe karibu sawa na wembe, na wateja wanapenda ule mng'ao. Mashine ya wenye vipele nimeitenga, kisu cha juu nimekirudisha nyuma kidogo. Naijaribu kwenye mkono wangu: nikipitisha kidole baada ya kunyoa, lazima nikute vinywele vinakwaruza. Kidole kikiteleza, narekebisha tena.

Kisha brashi, spiriti ya asilimia 70, nasubiri ikauke, tone la mafuta. Spiriti ni ya chuma. Shingoni kwa mtu aliyetoka kunyolewa siipaki, hata akiidai, kwa sababu inakausha na kuchoma ngozi ambayo tayari imekasirika.

Saa 4

Anaingia kijana anayeoa baada ya wiki saba. Hata hajakaa vizuri ananipa simu yake. "Fundi, angalia picha za siku ya kumvisha pete. Shingo yangu hii kweli?"

Naangalia. Mashavu ni safi, juu ya mdomo safi, lakini kuanzia chini ya taya mpaka shingoni kuna vipele vilivyobanana na weusi uliosambaa kama kola ya shati. Namuuliza ananyoaje. Kila asubuhi kabla ya kwenda ofisini, kwa wembe wa visu vitatu, anavuta ngozi kwa kidole na kunyoa kwenda juu mpaka pawe laini kabisa.

Hapo tatizo lote limeshajieleza. Unywele wetu umejikunja tangu ndani ya ngozi. Katika wembe wa visu vingi, kisu cha kwanza kinauvuta unywele juu na kinachofuata kinaukata, halafu unarudi chini ya usawa wa ngozi ukiwa na ncha kali. Ukianza kukua unapinda na kutoboa ukuta wa kitundu chake wenyewe. Mwingine unatoka nje vizuri, unajikunja na kuingia tena pembeni. Kwa vyovyote mwili unauona ni mgeni, unapigana nao, na panavimba. Vita ikiisha, ngozi nyeusi inabaki na rangi ya ziada mahali pale. Ndilo doa. Kila kipele kipya kinaongeza doa jingine, ndiyo maana hakuna mafuta yatakayoondoa weusi wakati anaendelea kunyoa vilevile.

Namwambia wembe aweke pembeni leo. Nitampunguza kwa mashine kila baada ya siku chache, nikiacha takriban milimita moja. Nafanya hivyo nikifuata nywele zinakolala, ngozi bila kuvutwa. Wiki ya kwanza itamuudhi, maana nywele zilizokwisha kukatwa chini zitaendelea kuchoma zikikua, na vipele vinaweza kuongezeka. Wengi hukata tamaa hapo na kurudi kwenye wembe. Akivumilia kama mwezi, nywele nyingi zitakuwa zimejichomoa zenyewe.

Kwenye taya kuna mmoja umefanya kitanzi kinachoonekana wazi. Naweka kitambaa cha maji ya uvuguvugu kwa dakika tano, kisha kwa sindano safi nainua kitanzi mpaka ncha itoke. Siung'oi. Ukiung'oa, mwingine utaanzia chini kabisa na unaweza kutoboa ngozi ukiwa njiani.

"Na huu weusi, fundi? Kuna mtu anauza krimu, wiki mbili tu unang'aa."

Hapa sauti yangu hupanda, nakiri. Krimu nyingi za namna hiyo zina steroidi kali au kemikali za kuchubua. Ngozi inang'aa, kisha inakonda, inatoa chunusi, na ukiacha weusi unarudi kwa kishindo. Namshauri aulize kwa mfamasia benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 au 5 kwa vipele, apake kidogo usiku na asitumie taulo analolipenda kwa sababu inachujua rangi ya nguo. Mchana apake mafuta ya kuzuia jua, SPF 30 au zaidi, maana jua linakoleza madoa. Na namwambia ukweli wa kalenda: siku ya harusi shingo itakuwa imetulia, lakini weusi utakuwa umepungua tu. Madoa hufifia kwa miezi.

Saa 8 mchana

Dada wa duka la jirani ananiuliza kuhusu makwapa, anaona aibu kuvaa gauni la mikono mifupi. Chanzo ni kilekile. Apunguze kwa mashine ndogo, na deodoranti yenye manukato makali asipake akitoka tu kunyoa.

Saa 10 alasiri

Mlinzi wa kampuni binafsi. Kazini kwake ndevu haziruhusiwi kabisa, kwa hiyo ushauri wa kuacha wembe hauwezi. Namshika kidole chake mwenyewe nampitisha shingoni: upande unaoteleza ndiko nywele zinakolala. Chini ya koromeo zake zinapanda juu, na miaka yote alikuwa akinyoa kushuka. Anyoe baada ya kuoga, povu likae dakika chache, wembe wa kisu kimoja na mpya, mkono mwepesi, apite mara moja tu. Akimaliza, kitambaa cha maji baridi. Vipele visipopungua, aende hospitali aombe barua ya daktari ya kumruhusu abaki na milimita moja. Ukisimama hatua mbili mbele yake, huwezi kuiona.

Saa 1 usiku

Mteja wa mwisho anataka kisogo kichongwe kwa wembe. Nainamisha kichwa chake chini ya taa: kuna vinundu vigumu vimeungana, na katikati yake nywele hazioti tena. Hili si la wembe mwepesi wala maji ya uvuguvugu, ni makovu yanayokua, na kila nikichonga nayachokoza. Nampiga picha kwa simu yake ajionee mwenyewe, kwa sababu kisogo hakuna anayekiona. Namnyoa juu tu kwa namba mbili, kisogo sikigusi, na tunakubaliana Jumatatu aende kliniki ya ngozi kabla vinundu havijapanda zaidi.