Viungo 31 Nilivyovipunguza Hadi 5

Mhariri mmoja wa Dar alinipigia nikiwa Ngamiani, Tanga, nanunua vitumbua. "Dada, nimeufungua wasifu wako. Habari ya kwanza haifunguki, ya pili haifunguki, ya tatu imenirudisha mwanzo wa tovuti. Nikusome wapi?"

Nilikuwa nimebandika viungo 31 vya habari nilizoandika, nikidhani wingi ndio uzoefu. Kumbe gazeti langu la zamani lilishabadilisha tovuti na anwani zote za nyuma zimekufa.

Usiku huo nilikaa nazo moja moja. Nikanakili kila anwani iliyokufa na kuiweka kwenye web.archive.org. Inakuletea kalenda ya siku ambazo ukurasa ule ulihifadhiwa. Chagua tarehe iliyo karibu na siku habari ilipotoka, kisha uifungue uone kwa macho yako. Mimi mwanzo nilichukua za karibuni, nikakuta kilichohifadhiwa ni tangazo la "ukurasa haupatikani". Ambazo hazikuwemo kabisa nilipiga picha gazeti lenyewe, jina langu na tarehe vikionekana. Zilizo hai nikazihifadhi kupitia web.archive.org/save kabla hazijanifia nazo.

Nikabakiza 5: mbili za mkonge, moja ya bandari, mbili za bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, Uganda, kuja kuishia Chongoleani. Chini ya kila kichwa niliweka tarehe na mstari mmoja wa kazi niliyoifanya, kwa mfano: "Nilihoji familia zilizolipwa fidia, nikalinganisha fomu zao."

Idadi ya wasomaji ndiyo iliyonitia aibu. Niliwahi kuandika kwamba nasomwa na watu laki mbili, na hao walikuwa wafuasi wa ukurasa wa gazeti, si wangu. Nikamwomba kaka wa dawati la mtandao anitolee takwimu za habari zangu. Ile ya mkonge ilikuwa imefunguliwa mara 4,100 kwa siku 30. Nikaandika hivyo hivyo, "imefunguliwa mara", kwa sababu mtu mmoja anaweza kuifungua mara tatu.

Uhariri hauna kiungo, maana habari niliyoihariri ina jina la mwenzangu na siwezi kuidai. Niliandika kwamba kila wiki napitia habari 6 hadi 8 za waandishi wa Pangani, Muheza na Korogwe, nikaongeza kisa kimoja: bei ya tani ya mkonge iliyoletwa ikiwa imeandikwa bei ya kilo, nikaigundua saa moja kabla ya kurasa kwenda kiwandani. Mwandishi sikumtaja.

Mwisho nikajaribu viungo vyote kwa simu ya mdogo wangu. Kwenye kompyuta yangu vilifunguka vyote, kwake kimoja kikadai malipo. Hicho nikakiambatisha kama PDF.

Baada ya siku nne yule mhariri akapiga tena. Hakuuliza habari za wasifu. "Hawa wa Chongoleani, minazi yao ilihesabiwaje?"