Ndege Wawili kwa Mmoja

Juzi mwanangu alishika simu yangu akaniuliza kwa nini tangu ile video ya gauni la ndege sijarekodi nyingine. Nikamwambia amalize kwanza hesabu zake za shule. Lakini swali halikuondoka. Nililala nalo, nikaamka nalo, na leo nimeona bora niandike.

Ile video aliirekodi mwanafunzi wangu, jioni moja kibandani Tandika, kabla ya mfungo. Sikujua hata kama simu yangu inarekodi. Gauni lilikuwa la kitenge chenye ndege wakubwa, limevalishwa kwenye sanamu, zipu ya kuficha iko mgongoni. Nikaivuta zipu juu taratibu kuona kama imekaa. Upande wa kushoto kulikuwa na nusu ya ndege, mkia na bawa. Upande wa kulia nusu nyingine, kifua na mdomo. Zipu ilipopanda, nusu mbili zikakutana, ukaona ndege mmoja mzima, na mahali pa mshono huoni. Mwanafunzi akapiga kelele ya furaha, na kelele ile imo kwenye video. Akaiweka TikTok usiku uleule.

Asubuhi simu ilikuwa imejaa. Wa Dodoma, wa Mombasa, wa Muscat, dada mmoja yuko Leicester anauliza kama ninatuma nje. Ufundi wa gauni lile nilikuwa natoza shilingi 35,000, na kwa kuwa bei ilikuwa imetajwa pale, watu wakaanza kutuma pesa bila kuuliza kama nina nafasi. Vitambaa vikafuata. Vingine vinaletwa na bodaboda kutoka stendi ya Magufuli, vimefungwa kwenye mifuko, jina la mwenyewe limeandikwa kwa kalamu inayofutika na jasho. Vipimo vinakuja kwa ujumbe: kifua 92. Fundi unajua hiyo ni sentimita, kwa sababu hakuna kifua cha inchi 92, lakini kiuno 40 je? Ni inchi za mama mnene au mtu kachanganya na nyonga? Unapiga simu moja moja. Kibanda changu ni cherehani mbili, ovaloki moja na meza ya kukatia ambayo mtu akikaa upande mmoja, mwingine hapiti. Ndani ya wiki vitambaa vilikuwa vimepanda hadi kwenye dirisha, na mwanga wa mchana tukaukosa.

Niliita mafundi wa kutwa watatu. Hodari wote, mmoja alikuwa anashona suti za mabwana harusi. Nikawalipa kwa kichwa, kila gauni na fedha yake, kama inavyofanyika mtaani kote. Na hapo ndipo nilipoona kitu ambacho nilikuwa sijawahi kukiona nikiwa peke yangu. Fundi wa kulipwa kwa kichwa hawezi kupiga bandi. Kushikiza kwa mkono mshono wa sketi kabla ya kuupitisha kwenye cherehani kunakula dakika ambazo hakuna anayezilipia. Anaweka vipande viwili, anakanyaga, anakwenda. Sasa meno ya cherehani yako chini. Yanavuta kitambaa cha chini zaidi kuliko cha juu. Mshono wa inchi 42 ukianza sawa pale kiunoni, ukifika chini vipande vimeachana nusu inchi, wakati mwingine zaidi. Kwenye kitambaa cha rangi moja unapunguza pale kwenye pindo na hakuna anayejua. Kwenye kitenge cha ndege, shingo inakuwa huku na kichwa kule. Ukitaka kujua, usiusogelee mshono. Rudi nyuma hatua mbili, uangalie gauni zima. Jicho linakwenda lenyewe mahali palipokatika.

Tukafumua. Tukafumua mengi mno. Sitaki kuieleza sana ile wiki.

Usiku ninaoukumbuka vizuri ni ule wa kitambaa cha Sengerema. Mama mmoja wa huko alinipigia mchana. Sauti yake ilikuwa ya mtu mzima, nikamwamkia.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Mzigo wangu umefika?”

Ulikuwa umefika. Kitenge cha marehemu mama yake, kimekaa sandukuni miaka, kinanukia karafuu. Ndege wa kijani kwenye ardhi ya njano, chapa ambayo madukani haipo tena. Mwanawe anaoa, na yeye alitaka gauni la kwenye video vilevile: sketi ya solo ya vipande sita, mikono mirefu, ndege mzima mgongoni. Shida ni kwamba gauni la kwenye video lilikula pisi nzima, yadi sita. Yeye alikuwa ameleta yadi nne.

Nilisubiri mafundi waondoke, nikafagia sakafu, nikatandika shuka, juu yake nikakitandaza kile kitenge chote. Nikapitisha futi kamba. Yadi nne ni inchi 144. Kile kilikuwa 140. Kimefuliwa, pamba imerudi. Nikapiga hesabu kwa inchi, ikakataa. Kila kipande cha sketi ni inchi 42 pamoja na pindo. Kwa kitambaa cha kawaida unakata kipande kimoja kichwa juu, kinachofuata kichwa chini, vinabanana, unaokoa. Huyu ndege anasimama. Ukigeuza kipande, ndege anatembea kwa kichwa. Njia hiyo ikafungwa.

Nikaiacha futi. Nikahesabu ndege.

Upana wa kitambaa ulibeba ndege wawili, ubavu kwa ubavu. Urefuni walirudi mistari sita. Na hapa kulikuwa na faraja ambayo inchi hazikunionyesha: kitambaa kikirudi kwa kufuliwa, ndege naye anapungua pamoja nacho. Mistari inabaki ileile sita. Ndege 12, si pungufu.

Sasa gawa. Kipande cha sketi cha inchi 42 kinameza mistari miwili ya ndege na kubakiza kidogo, na mabaki yale huyatumii, kwa sababu kipande kinachofuata lazima kianzie mahali palepale pa ndege, la sivyo hawatalingana kwenye mshono. Kwa hiyo kila kipande ni ndege wawili. Vipande sita ni ndege 12. Sketi peke yake ilikuwa inamaliza kitambaa, na mama wa watu hana blauzi.

Mgongo nao una deni lake, na hili ndilo jambo ambalo hakuna aliyeliona kwenye video. Watu wanadhani unamkata ndege katikati, unatia zipu, unamrudisha. Ukifanya hivyo, mshono unameza nusu inchi kila upande, jumla inchi nzima ya ndege imeingia ndani, na nje unabaki na ndege asiye na tumbo. Ili awe mzima, upande wa kushoto unaukata kutoka kwa ndege mmoja, unapita katikati yake kwa nusu inchi. Upande wa kulia unaukata kutoka kwa ndege mwingine kabisa, nao unapita katikati kwa nusu inchi kuelekea upande wa pili. Ile inayozidi ndiyo inayokwenda kulala ndani ya zipu. Ndege mmoja unayemwona mgongoni wamekatwa wawili.

Nilikaa pale chini na chaki mkononi kwa muda mrefu. Nje walikuwa wamefunga maduka. Nikaanza kutoa. Vipande vya sketi kutoka sita hadi vinne: ndege wanane. Chini, kila kipande kina upana wa inchi 20, kwa hiyo badala ya inchi 120 za kuzunguka nitapata 80. Sketi itashuka bila kumwagika, lakini mtu atatembea vizuri. Wamebaki ndege wanne. Mmoja mbele kifuani, amekaa katikati. Wawili mgongoni. Wa nne ndiye mikono yote miwili, na kutoka kwa ndege mmoja mikono mirefu haitoki. Mifupi, inchi tisa tisa, unaipanga mmoja juu ya mwingine, inatoka. Nikachora kwa chaki, nikafuta, nikachora tena. Hakubaki hata manyoya.

Sikukata. Asubuhi nilimpigia. Nikamweleza kama ninavyowaeleza ninyi: sketi itapungua kumwagika, mikono itakuwa mifupi, ndege wa mgongoni atakuwepo. Akanyamaza. Kisha akaniuliza, “Na kama tukiacha huyo wa mgongoni?” Nikamwambia tukimwacha, tunapata kitambaa cha kurefusha mikono hadi ipite kiwiko. Akanyamaza tena. “Mwache ndege,” akasema. “Mikono nitajifunika mtandio.”

Nilikata mwenyewe, nikapiga bandi mwenyewe, kila mshono. Siku nzima ilikwenda kwenye gauni moja, na nyuma yangu dirisha limezibwa na vitambaa vya watu, simu inalia, Idd inakaribia.

Baada ya gauni lile niliwapigia simu waliokuwa wametuma pesa, mmoja mmoja. Wenye kitambaa pungufu niliwaeleza hesabu ya ndege au ya maua yao. Wengine walikubali kupunguza, wengine wakachukua pesa na kitambaa. Mafundi nikawaambia nitalipa kwa siku. Wawili wakaondoka kwa sababu kwa kichwa wanapata zaidi, na kwa familia zao walikuwa sahihi. Yule wa suti alibaki. Ndiye anayekaa cherehani ya pili mpaka leo.

Video ilinipa nini, bado nashindwa kusema. Ovaloki mpya imetoka humo, ada ya mwanangu imetoka humo. Lakini wateja wangu wa mtaani, wale wa kufupisha suruali na kubadili zipu ya sare ya shule, walipita kibandani wakakuta mifuko hadi mlangoni, wakaenda kwa fundi mwingine. Wengi hawajarudi. Wale walikuwa wanakuja Januari mpaka Desemba, video au hakuna video. Gauni la kulinganisha sasa natoza 60,000 na nataka yadi sita, na kitambaa nakiona kwa macho kwanza kabla ya kupokea hata senti. Kuna wanaosema nimepandisha bei kwa sababu ya jina. Ninawaonyesha mchoro wa chaki pale mezani, wahesabu wenyewe. Wengine wanahesabu. Wengine wanaondoka.

Mwanafunzi wangu anataka turekodi ya pili, safari hii tuonyeshe kukata, tuanze na kile kipande cha ndege wa ziada. Anasema watu wakiona kazi yenyewe wataelewa bei. Pengine. Au watakuja wengi kuliko mwanzo. Nimemwambia tumalize kwanza sare za shule za mama wa nyumba ya tatu, ambaye amerudi Jumatatu na suruali nne za kufupisha.