Ng'ombe asiye na nundu hauzi dawa: nilivyopata alama za duka langu Kibaigwa

Ushauri mbaya kuliko wote niliopewa tangu nifungue duka la dawa za mifugo ni huu: "Dada, weka herufi mbili za kwanza za jina la duka, uzizungushie jani, inatosha." Kijana mmoja wa michoro pale Dodoma mjini alinitoza laki na ushee kwa hilo jani. Kazi ilikuwa safi, sikatai. Lakini wateja wangu wengi ni wafugaji wanaoshuka siku ya mnada kutoka vijiji vya Kongwa na ng'ambo ya Kiteto, na wengi wao hawasomi. Herufi mbili ndani ya jani kwao ni jani tu, na jani linauzwa na muuza mchicha.

Marehemu babu yangu alikuwa akisimulia uchaguzi wa wabunge wa mwaka 1965. Wagombea wawili wa kila jimbo waligawiwa alama, mmoja jembe na mwingine nyumba, na mtu asiyejua hata herufi moja alitoka nyumbani akijua anampigia nani. Nikajiuliza, duka langu mteja atalitajaje kwenye simu akimwelekeza shemeji yake? Nikachagua kigoda. Kila boma linacho, umbo lake halifanani na kitu kingine, na wazee tayari walikuwa wanakaa kwenye vigoda barazani kwangu wakisubiri gari. Sasa naitwa "mama Kigoda", na jina halisi la duka limebaki kwenye leseni. Rangi nilizikwepa kwa makusudi: kijani na njano pamoja ungedhani umefika ofisi ya CCM. Nikapaka ukuta rangi ya udongo na kigoda cheupe, maana vumbi la barabara kuu ya Morogoro likitua juu ya udongo halionekani. Cheupe nakifuta.

Bango lilikuwa kazi rahisi. Kazi yenyewe ilikuwa stika za chupa. Dawa ya minyoo ya kunywesha na dawa ya kupe ya kuogesha zinaweza kuja kwenye chupa za plastiki zinazofanana kama mapacha, na ukimnywesha mbuzi ile ya kupe unaweza kumpoteza. Lebo ya kiwandani ina vialama vyeusi vidogo chini na ukanda wa rangi unaoonyesha ukali wa sumu, lakini mteja wangu mmoja aliuona ukanda wa kijani akaniambia hiyo ni dawa ya majani. Kwa hiyo nikataka stika yangu, kubwa, isiyofunika maelezo ya mtengenezaji, yenye vitu viwili tu: mnyama gani, na dawa inaingilia wapi.

Hapa ndipo nilipocheka mpaka machozi. Yule kijana alileta kichwa cha ng'ombe peke yake, bila mwili. Nikamwonyesha mzee mmoja. "Mbukwa, baba. Hapa unaona nini?" Akajibu bila kusita: "Bucha." Kichwa kisicho na mwili, alisema, kimekatwa. Basi akaleta ng'ombe mzima, kamtoa mtandaoni, mgongo umenyooka kama meza. Wazee wakamzunguka, wakamkagua kama wako mnadani kweli. Mmoja akarudisha stika: "Hii si ya ng'ombe wetu, mwanangu. Hii ni ya wale wa maziwa wa mjini." Kumbe alikuwa anatafuta nundu! Dawa ilikuwa ileile, ila kwake picha ilisema haimhusu. Tukaongeza nundu na pembe, ubishi ukaisha siku hiyohiyo.

Mbuzi naye alitutesa. Ukichora kivuli cheusi, mbuzi na kondoo wanakaribiana, na kijana alikuwa anahangaika na ndevu ambazo kwenye stika ndogo hazionekani. Mama mmoja wa Kigogo ndiye aliyetufundisha: mkia. Mbuzi anainua, kondoo anashusha, na kondoo wetu mkia wake ni mnene. Mbuzi wa kwanza alikuwa amechorwa mkia chini, na mama akasema huyu anaumwa, ndiyo maana anapewa dawa. Hoja yake ilikuwa nzuri kuliko mchoro.

Kwa njia ya kutumia, tone la maji halikufanya kazi hata kidogo. Wengine waliona maziwa, wengine machozi. Kilichoeleweka ni kuchora tendo lenyewe: chupa iliyoingia pembeni mwa mdomo wa mnyama, au mtu mwenye bomba mgongoni akimpulizia ng'ombe ubavuni. Mtu anatambua kazi anayoifanya mwenyewe.

Usimuulize mteja kama ameelewa. Atasema ndiyo, kwa heshima tu. Mimi nilikuwa nampa chupa tupu yenye stika na kumwambia, "Nionyeshe utakachofanya ukifika nyumbani." Akiipeleka mdomoni mwa mbuzi wa kufikirika wakati ni ya kuogesha, mchoro umeanguka. Na usijaribie kwa watoto wako wanaosoma sekondari, hao wanakisia vizuri mno. Kiwango cha Marekani kiitwacho ANSI Z535.3 kinataka alama ya usalama ieleweke kwa watu 85 kati ya 100, na wanaoielewa kinyume wasizidi 5. Kwenye dawa ya kupe mimi hao watano sikuwakubali. Nilirudia mpaka nikakosa mtu wa kuipeleka mdomoni.

Kuna jambo ambalo picha ilishindwa kabisa: siku za kutokunywa maziwa baada ya dawa. Tulichora kibuyu chenye alama ya X juu yake. Wafugaji wakaona kibuyu kilichofungwa mikanda ya ngozi, kizuri, cha nani? Tukachora jua moja kwa kila siku, na Kongwa hii inayolima alizeti, nadhani umeshajua walichoona. "Dawa hii inatengenezwa kwa alizeti?" Nikaacha kuchora. Sasa nafunga kamba shingoni mwa chupa yenye mafundo kulingana na siku zilizoandikwa kwenye lebo, na namwambia kila jioni afungue fundo moja, likiisha la mwisho maziwa yanyweke. Kamba ya katani, karibu bure.

Kwa magunia ya pumba na chumvi ya mifugo sikuchapisha stika. Niliomba picha za zamani za eksirei, nikatoboa umbo la kigoda na la wanyama kwa wembe, kisha naziweka juu ya gunia na kupaka rangi kwenye matundu. Plastiki ile haipindi na haili rangi. Paka kwa sponji ya godoro iliyokaribia kukauka, ukigongagonga. Brashi inapenyeza rangi chini na ng'ombe anaota miguu sita. Nafasi kati ya miguu iache pana, la sivyo inajaa rangi baada ya magunia machache.

Dozi bado naieleza kwa mdomo, kwa sababu inategemea uzito wa mnyama na hakuna mchoro unaompima. Namuuliza mteja ukubwa wa wanyama wake, kisha napiga mstari kwenye bomba la kunyweshea, mahali dawa inapoishia. Kalamu ya wino inafutika na dawa yenyewe. Rangi ya kucha ya mwanangu haifutiki, nyekundu, chupa moja inakaa miezi.