Siku yangu moja na swali namba 17

Saa 12 asubuhi. Baridi ya Uyole mwezi wa sita haina adabu. Napanda daladala nikiwa nimejitanda khanga juu ya koti, mapajani nimepakata karatasi 60 za jaribio la ukunga. Nafundisha uuguzi hapa Mbeya, na leo sina kipindi. Kazi ni kupitia maswali ya kuchagua kabla hayajaingia kwenye benki yetu ya maswali.

Saa 3. Nimezipanga karatasi kuanzia alama za juu hadi za chini. Nachukua 16 za juu na 16 za chini, yaani kama asilimia 27 kila upande, na zilizobaki naziweka kando. Kisha nahesabu kila kundi limechagua nini, swali kwa swali.

Saa 5 nafika namba 17. Mtihani wenyewe ni wa Kiingereza, lakini swali lilikuwa hivi: mama amejifungua nusu saa iliyopita, anatoka damu nyingi, kizazi ni laini. Utaanza na nini? Jibu langu lilikuwa A, kusugua kizazi. Wa juu walioipata ni 5, wa chini 9. Ukijumlisha ni 14 kati ya 32, sawa na 0.44. Kwa ugumu tu, ningesema swali zuri. Ila utofautishaji, yaani swali linavyowatenganisha wanaojua na wasiojua, ni (5 − 9) ÷ 16, sawa na −0.25. Wanaojua wanakosa, wasiojua wanapata!

Kumi kati ya wale wa juu walichagua B, oksitosini, dawa ya kukaza kizazi. Namwita mmoja wao.

"Madam, hukuandika kama mama alishapewa oksitosini mara mtoto alipozaliwa."

Kweli sikuandika. Tena tangu mwaka 2023 WHO inashauri kusugua kizazi, oksitosini, dawa ya kupunguza damu iitwayo asidi ya traneksamiki, dripu na kumchunguza mama vifanyike kwa pamoja, si kimoja kisubiri kingine. Kuuliza "utaanza na nini" lilikuwa kosa langu. Na D, dawa ya maumivu, haikuchaguliwa na hata mmoja. Ilikuwa inajaza nafasi tu.

Saa 8, baada ya wali maharage, naandika upya. Sasa nauliza chanzo: kizazi laini, kondo limekaguliwa na limekamilika, damu inaganda kwenye bakuli. Majibu ya kupotosha nayatoa kwenye makosa ninayoyaona wodini: kipande cha kondo kubaki, mchaniko wa shingo ya kizazi, damu kutoganda. Kila moja humtoa mama damu kweli, na kila moja linakataliwa na jambo lililomo ndani ya swali.

Saa 2 usiku namsomea mwanangu wa kidato cha pili, asiyejua hata kondo ni nini. Anapata papo hapo.

"Umejuaje?"

"Si hilo refu kuliko yote, mama?"

Nahesabu: jibu sahihi lina maneno kumi na moja, mengine hayazidi matano. Nafuta, nabakiza "kizazi kushindwa kukaza".