Glukosi ilipokataa kupita asilimia 64

Nafundisha kemia katika shule ya upili upande wa Ahero, na kila Jumamosi napanda matatu kuja Kisumu kumalizia digrii yangu. Muhula uliopita tulipewa zoezi la polarimita: pima gramu 10 za glukosi, yeyusha kwa maji hadi ujazo ufike mililita 100, jaza mrija wa sentimita 20, kisha usome ni digrii ngapi mwanga wa taa ya sodiamu umezungushwa.

Unga tuliopewa ulikuwa alfa. Glukosi ya alfa ikiingia majini, pete ya molekuli hufunguka na kujifunga tena, na ikijifunga inaweza kurudi alfa au kuwa beta. Tofauti ya hizo mbili ni upande tu ambao kundi la hidroksili limekaa kwenye kaboni ya kwanza. Kwa vipimo vyetu alfa tupu ingesoma digrii 22.4, na beta tupu 3.7. Dakika tano baada ya kukoroga nilisoma 21. Namba ikashuka polepole mchana kutwa, na baada ya saa nne ikafika 10.5. Nikaenda kula samaki, nikarudi. Bado 10.5. Ukipiga hesabu, hiyo ni alfa asilimia 36 na beta 64.

Mimi nilijua kwamba beta ina nishati huru ndogo kuliko alfa, kwa kilojuli 1.43 kwa kila moli. Basi kwenye ripoti nikachora grafu: chini, mmenyuko umefika wapi, kuanzia 0 (alfa tupu) hadi 1 (beta tupu), kando, nishati huru. Mstari ulionyooka, unateremka kutoka 0 hadi −1.43. Kwa nini glukosi imesimama katikati ya mteremko? Nikaandika kwamba muda haukutosha. Ripoti ilirudi na kalamu nyekundu: "Na ukingoja wiki?"

Aliyenitoa gizani ni mzee anayetunza maabara. Alifungua kabati, akatoa kichupa na kuniambia, "Mwalimu, hii ni beta. Anza na hii." Usomaji wa kwanza ulikuwa 4.5. Halafu namba ikaanza kupanda, ikapanda hadi 10.5, ikatulia palepale. Kwa mstari wangu, beta ilikuwa imepanda mlima yenyewe. Hapo nikajua kosa liko kwenye mstari.

Mzee alinieleza kosa kwa sentensi moja: "Umechora glasi mbili." Na kweli. Mstari wangu ungefaa kama alfa ingekaa kwenye glasi yake na beta kwenye yake, nami nikahamisha molekuli moja moja kutoka glasi hii hadi ile. Lakini ndani ya mrija zimechanganyika, na kuchanganyika kwenyewe kunashusha nishati huru, hata kama molekuli hazivutani zaidi kuliko mwanzo. Nikafungua lahajedwali kwenye kompyuta na kuandika hivi, A2 ikiwa ni sehemu iliyogeuka beta:

```
=-1.43*A2+2.479*(A2*LN(A2)+(1-A2)*LN(1-A2))
```

Kipande cha kwanza ni mstari wangu wa zamani. Cha pili ni mchanganyiko; 2.479 ni RT, yaani konstanti ya gesi mara halijoto ya kelvini, kwa nyuzi 25 za Selsiasi, kwa kilojuli. Nilipoweka 0 ikanijibu `#NUM!`, na nilipoweka 1 vilevile, kwa sababu LN ya sifuri haipo. Pale mwisho mchango wa mchanganyiko ni sifuri tu, kwa hiyo nikajaza kwa mkono. Lakini nilipoweka 0.01 nilishtuka: −0.153. Asilimia moja tu imegeuka, na tayari nishati imeshuka zaidi ya sehemu ya kumi ya tofauti yote kati ya alfa na beta. Grafu mpya ilikuwa kama chungu: inaporomoka wima kwenye kingo zote mbili, ina tumbo pana, na chini kabisa ni −2.535 pale 0.64. Beta tupu iko juu ya hapo, kwenye −1.43. Ndiyo maana ile ya kichupa ilirudi nyuma: ilikuwa inateremka.

Kwa nini kingo ni wima hivyo? Nilielewa nikichambua mahindi na maharagwe ya nyoyo jikoni. Chukua punje 100 za mahindi. Badilisha moja iwe haragwe: linaweza kukaa mahali 100, kwa hiyo kuna mipangilio 100. La pili likiingia, mipangilio inakuwa 4,950, yaani imezidishwa kwa karibu 50. La tatu linazidisha kwa 33. Faida ya kila haragwe jipya inapungua, na ukishavuka nusu, kila moja linapunguza mipangilio badala ya kuiongeza.

Sasa weka upendeleo wa nishati. Kilojuli 1.43 maana yake kila badiliko la alfa kuwa beta linapendelewa mara 1.78. Nenda kwenye badiliko la 64: mipangilio inazidishwa kwa 37/64, yaani 0.578; mara 1.78 unapata 1.03. Bado kuna faida, ndogo. Badiliko la 65: 36/65 mara 1.78 ni 0.99. Hasara. Basi hapo ndipo glukosi inasimama, na namba ni ileile ya polarimita. Sikuwahi kupata hesabu ya kemia inayokubali kuhesabiwa kwa maharagwe namna hii.

Kingine kilichonyooka ni alama mbili nilizokuwa nikizichanganya kila mwaka mbele ya wanafunzi. ΔG° ni tofauti ya kimo kati ya ncha mbili za grafu, −1.43, na haibadiliki mmenyuko ukiendelea. ΔG ni mteremko wa mahali uliposimama: mkali mwanzoni, sifuri kwenye 0.64, na chanya kupita hapo. Kwa hiyo ΔG° hasi haisemi mmenyuko utafika mwisho. Inasema tu tumbo la chungu limeegemea upande wa beta. Msitegemee macho kutafuta lilipo, kwani kati ya 0.60 na 0.70 grafu yangu inatofautiana kwa kilojuli 0.02 tu. Tafuta mteremko unapokuwa sifuri.

Nilipompelekea mzee grafu, aliitazama akaniuliza kuhusu chokaa. "Kule Koru mawe ya chokaa yanachomwa yanaisha. Mbona yenyewe hayasimami katikati?" Ilinichukua safari nzima ya matatu kurudi Ahero. Kalsiamu kaboneti ya jiwe na kalsiamu oksidi, yaani chokaa inayobaki kaboni dayoksidi ikitoka, ni yabisi mbili zisizochanganyika. Kila moja inakaa kwenye chembe zake. Kama kanieneo ya kaboni dayoksidi juu yake haibadiliki, hakuna cha kupinda mstari. Ni zile glasi mbili za ripoti yangu, safari hii kwa haki. Kanieneo ya gesi hiyo ikiwa angahewa moja, chini ya karibu nyuzi 900 mstari unainamia upande wa jiwe, juu ya hapo unainamia upande wa chokaa, na popote unapoinamia mmenyuko unakwenda hadi mwisho. Funga tanuri gesi isitoke, na kanieneo itapanda hadi mmenyuko usimame, kwa sababu sasa kuna kitu kinachobadilika kadiri unavyosonga.

Jumamosi iliyofuata nilimchorea ile mistari miwili iliyonyooka. Akaitikia kwa kichwa, akachukua mrija wangu wa polarimita, akaniambia niuoshe kabla sukari haijaganda kwenye vioo.