Hayaji na hayakuja

Leo nimemaliza makala ya jarida la taasisi yetu kuhusu mama mwenyekiti wa jumuiya ya watumia maji kijijini. Daftari lilikuwa na kurasa 11 za mwandiko wa haraka. Kabla ya kuanza kuandika nilipitia kila mstari: maneno yake halisi nikayapigia mstari mwekundu, muhtasari wangu nikauacha. Alama za nukuu nimeziweka kwenye yale mekundu tu.

Nukuu niliyoipenda kuliko zote niliinakili hivi: "Maji hayaji kwa barua." Niliporudia rekodi nikamsikia vizuri: "Maji hayakuja kwa barua, mtaro tulichimba wenyewe." Alikuwa anasimulia ule mwaka wa ukame. Mimi nilikuwa nimemfanya awalaumu maofisa wa leo, ambao bado anakaa nao kikaoni. Ningemponza.

Jioni nikampigia, nikamsomea nukuu zote nne neno kwa neno. Kwenye ya tatu akanisimamisha: "Hapo mwanangu, nilisema kaya 60, si watu 60." Nikarudi kwenye rekodi. Kuku walikuwa wanapiga kelele, lakini neno linasikika: kaya.