Siku moja maishani mwangu: picha tisa za skrini na ng'ombe waliogoma

Natafsiri nikiwa nyumbani, Mwanga, hapa Kigoma. Wengi wakisikia hivyo hudhani ni barua za mahakamani au vipeperushi vya dawa. Vipo, lakini siku hizi kazi inayonilipia kodi ni picha za skrini: mtu amepiga picha dirisha jeusi la kompyuta lenye msimbo ndani, anataka komenti na ujumbe viwe Kiswahili, amri zibaki kama zilivyo. Nimeulizwa mara nyingi kuna kazi gani hapo. Basi hii ni Jumanne yangu.

Saa 11:30 alfajiri. Nimeamka kabla bando la usiku halijaisha, nikapakua picha zote kutoka wasapu. Ni tisa, za somo la wanafunzi wanaoanza kujifunza kompyuta. Mteja ni mwalimu, yuko Dar. Ameandika: "Dada, komenti na meseji tu. Amri usiguse." Nimejibu sawa, nikaenda kuwasha jiko.

Saa 2 asubuhi. Watoto wameshaenda shule. Hatua ya kwanza hainihitaji kujua Kiswahili wala Kiingereza: ni kuandika upya kila herufi iliyo kwenye picha. Ipo programu ya kusoma maandishi kutoka kwenye picha, nami ninayo, ila kwa msimbo siiamini. Herufi ndogo ya *l* na tarakimu 1 kwake ni ndugu mapacha. Kwenye barua ya kawaida utaliona kosa, maana neno litakuwa bovu. Kwenye amri huenda usilione kabisa:

```
ls -l
ls -1
```

Zote mbili ni amri halali. Ya kwanza huorodhesha mafaili pamoja na ukubwa, mwenye faili na tarehe. Ya pili, yenye tarakimu moja, huorodhesha majina matupu, moja kila mstari. Kompyuta hailalamiki popote, ila mwanafunzi atakaa akishangaa kwa nini kwake haoni tarehe anazoziona kitabuni. Kwa hiyo naandika kwa mkono, picha nimeikuza upande wa kushoto, na nafasi za mwanzo wa mstari nazihesabu kwa kidole kama mtoto. Kwenye Python, mojawapo ya lugha za kuandikia programu, nafasi hizo ni sehemu ya sarufi. Mstari ukisogea kushoto umetoka nje ya sharti lake, na programu inafanya jambo jingine.

Saa 4. Picha ya tatu. Hii ndiyo aina inayonifanya nisimame, ninywe maji kwanza.

```bash
#!/bin/bash
# Check whether the kernel killed our process
if dmesg | grep -q "Out of memory"; then
  echo "Memory ran out, restarting billing"
  systemctl restart billing
fi
```

Hapo kuna Kiingereza mahali patatu. Komenti, ule mstari wa pili unaoanza na alama ya reli, ni ya binadamu, inatafsirika bila wasiwasi. Maneno yaliyo mbele ya `echo` ni ujumbe utakaotokea kwenye skrini ya mtu, nayo yanatafsirika. Sasa yale ya katikati, "Out of memory", nayo yamo ndani ya alama za mtajo na yanafanana kabisa na ujumbe. Mtafsiri mwenye haraka ataandika "Kumbukumbu imeisha" aendelee na safari.

Nilikuwa mtafsiri huyo mwaka jana. Maneno yale si ujumbe wa mtu kwa mtu. Kerneli, yaani kiini cha mfumo, ikikosa kumbukumbu na ikalazimika kuua programu mojawapo, huandika kwenye daftari lake mstari wenye maneno hayo kwa Kiingereza. `dmesg` inalifungua daftari, `grep` inatafuta maneno hayo hayo, herufi kwa herufi. Ukiyageuza Kiswahili, `grep` itatafuta kitu ambacho kerneli haitakiandika hata siku moja. Ubaya wake ni kwamba hakuna kosa litakaloonekana. Nilikagua ile hati kwa `bash -n`, ambayo huchunguza sarufi bila kuiendesha, ikanyamaza kimya. Na kweli sarufi ilikuwa safi. Mteja wa wakati ule aligundua baada ya wiki kadhaa kwamba huduma yake ikifa haiamki, akanipigia simu ambayo siisimulii hapa.

Tangu hapo, kila nikikuta maneno ndani ya alama za mtajo najiuliza nani atayasoma. Akiwa mtu, natafsiri. Ikiwa ni programu nyingine inayoyalinganisha na kitu, siyagusi. Picha ya tatu ikawa hivi:

```bash
#!/bin/bash
# Angalia kama kerneli imeua programu yetu
if dmesg | grep -q "Out of memory"; then
  echo "Kumbukumbu imeisha, naiwasha upya billing"
  systemctl restart billing
fi
```

Neno `billing` nimeliacha hata ndani ya sentensi ya Kiswahili. Ni jina la huduma. Msomaji akiliona kwenye ujumbe ni lazima alione vilevile kwenye mstari wa chini yake, la sivyo atadhani ni vitu viwili.

Saa 6 mchana. Picha ya nne inaonyesha kinachotokea mwanafunzi wa kawaida akiendesha `dmesg` bila mamlaka ya msimamizi:

```
dmesg: read kernel buffer failed: Operation not permitted
```

Nikampigia mwalimu. Nikamwambia, "Mwalimu, huu ujumbe hukuuandika wewe, umetoka kwenye mashine. Nikiufuta nikaweka Kiswahili, mwanafunzi atafungua kompyuta yake, aone Kiingereza, adhani amekosea."

"Sasa tufanyeje, dada?"

"Mstari wa mashine ubaki, Kiswahili kikae chini yake kwa rangi hafifu. Ulichoandika wewe kwa mkono wako ndicho nitakachobadilisha moja kwa moja."

Akakubali. Yeye ni mwepesi kuelewa, si wote walio hivyo.

Kwenye Kiswahili chenyewe kulikuwa na mtego mdogo. Picha ya tano ilikuwa na `Permission denied`, na mkono ulitaka kuandika "Huna ruhusa" kote kuwili. Lakini mfumo unatofautisha. `Permission denied` kwa kawaida maana yake ruhusa zilizowekwa kwenye faili au folda ile hazikuruhusu wewe. Mwenye faili akizibadilisha utapita. `Operation not permitted` maana yake kitendo chenyewe kimetengwa kwa mwenye mamlaka, hata ukibadilisha ruhusa za faili hakuna kitakachosaidia. Nimeandika "Huna ruhusa ya faili hili" kwa ya kwanza, na "Kitendo hiki hakiruhusiwi kwako" kwa ya pili. Mwanafunzi akizichanganya atakesha akihangaika na `chmod`, amri ya kubadilisha ruhusa za faili, pasipohitajika.

Saa 8. Ugali wa muhogo na mgebuka wa jana. Umeme umekatika nikiwa natawadha. Betri ya laptopu yangu ni ya kuombea dua, kwa hiyo nimelala kidogo.

Saa 10 jioni. Umeme umerudi. Picha ya saba ni zoezi la shamba la mifugo, kwa Python. Mstari wenyewe ni huu:

```python
print('Cows sold:', total)
```

Rahisi kuliko zote, si ndiyo? Nikaandika:

```python
print('Ng'ombe waliouzwa:', total)
```

Nina mazoea ya kutochora matokeo kwa kubuni. Nikishatafsiri msimbo nauendesha kwenye mashine yangu, halafu napiga picha mpya ya kile kilichotoka kweli. Ndivyo ninavyohakikisha picha ya msimbo na picha ya matokeo zinasema neno moja. Safari hii kilichotoka ni:

```
SyntaxError: unterminated string literal
```

Na kile kialama cha kuonyesha kosa kilikuwa kimesimama baada ya neno "waliouzwa:", mahali ambapo hapana tatizo lolote. Nilipoteza karibu nusu saa nikikagua mabano na ile nukta pacha. Mwisho nikausoma mstari kwa sauti, na nilipofika "ng'o" nikajicheka mwenyewe.

Kialama cha juu cha ng' ndicho hicho hicho Python inachokitumia kufungua na kufunga maneno. Kwa hiyo maneno yalifunguka kabla ya N, yakafungwa baada ya g, na "ombe waliouzwa" likabaki nje likizurura. Kialama kilichofuata, kile cha mwisho, kikahesabiwa kuwa kinafungua maneno mapya ambayo hayafungwi popote, ndiyo maana lawama ikaangukia huko. Kiingereza nacho kina mtego huo kwenye *don't* na wenzake. Ila wao wanaweza kuandika *do not*, sisi ng'ombe tutamwitaje?

Ingekuwa neno jingine ningelikwepa. Badala ya "imeng'olewa" ningeandika "imeondolewa" na maisha yangeendelea. Hapa sikuwa na njia, nikabadilisha alama za nje:

```python
print("Ng'ombe waliouzwa:", total)
```

Yaani nimeigusa sintaksia niliyoambiwa nisiiguse. Kwenye Python haina madhara, maana alama moja na alama mbili zina kazi ileile. Nimemwandikia mwalimu kuhusu mstari huo hata hivyo. Kwenye hati za bash nisingethubutu kirahisi hivyo, kwa sababu kule ndani ya alama mbili kitu kama `$bei` hugeuzwa kuwa thamani yake, na ndani ya alama moja hubaki maandishi matupu. Ukibadilisha alama umebadilisha maana.

Saa 12. Picha ya nane na ya tisa zilikuwa komenti tupu. Dakika ishirini zikaisha. Nimetoka barazani na kikombe cha chai. Jirani yangu anayeuza dagaa wa Kibirizi ameniuliza leo nimetafsiri nini, nikamwambia ng'ombe. Akasema ng'ombe hata Muha asiyesoma anajua Kiswahili chake.

Saa 2 usiku. Nimetuma zote tisa, pamoja na maelezo mafupi ya mstari ule mmoja. Kabla sijafunga laptopu, simu imelia.

"Dada, kazi nzuri sana. Ila picha ya tatu umeruka komenti. Ile ya juu kabisa, inaanza na alama ya reli."

Nikafungua. Alikuwa anamaanisha `#!/bin/bash`. Nikamwandikia kwamba reli ikifuatwa na alama ya mshangao mwanzoni kabisa mwa faili, hiyo si komenti ya kusomwa na watu. Mfumo unaisoma ili ujue hati iendeshwe na programu gani. Nikiitafsiri, hati haitaendeshwa na yeyote.

Alama mbili za bluu zikatokea. Akakaa kimya kama dakika tatu, kisha akaandika: "Basi iache. Na kwenye picha yangu nyingine ya mwezi uliopita, ile uliyorudisha, mstari huo niliutafsiri mwenyewe. Nitumie tena ya kwako."